Hela imetoka benki, ada haionekani: jinsi sifuri moja ilivyofunga matokeo ya mwanangu

Wazazi wengi tukishaona ile meseji ya benki kwamba muamala umekamilika tunajua basi, ada imelipwa, tunafunga simu tunalala. Kumbe pale hela imetoka tu kwako. Kuna safari nyingine mbili mpaka ionekane kwenye jina la mtoto, na mimi nimezijua hizo safari kwa sababu muhula mmoja matokeo ya mwanangu mkubwa yalifungwa wakati nina risiti mkononi. Naandika yote nilivyoyaelewa, maana kwenye grupu la wazazi swali hili linarudi kila muhula na majibu ni yale yale, mara "subiri", mara "lipa tena", na hilo la pili usilifanye kabisa, nitaeleza.

Iko hivi. Shule ilianza kupokea ada kupitia benki peke yake na matokeo yakahamia kwenye mfumo wa mtandaoni. Unaingia na namba yako ya simu na nywila, unakuta watoto wako wote hapo, kila mmoja ana kitufe cha ada, cha matokeo na cha mahudhurio. Ukidaiwa chochote, hata kiasi kidogo vipi, kitufe cha matokeo kinakuwa kijivu, ukikibonyeza kinakwambia kuna salio la ada. Hakuna mtu anayekaa pale akiamua nani aone na nani asione, ni mfumo unaangalia tu kama salio limezidi sifuri.

Upande wa benki, unafungua apu, unachagua malipo ya shule, unaandika namba ya mwanafunzi, apu inakurudishia jina la mtoto uhakiki, ukikubali unalipa. Nina watoto wawili pale. Mkubwa namba yake ni 09874, mdogo 10236. (Nimezibadilisha ila muundo ni huo huo, na muundo ndio kisa chenyewe.) Nikawalipia wote usiku mmoja, apu moja, akaunti moja. Tuseme ada ya mkubwa ni 1,200 na ya mdogo 900, nimeweka tarakimu nyepesi tuelewane. Majina yote mawili yalitokea sawasawa, risiti zote mbili zikaja.

Kesho yake salio la mdogo limekuwa sifuri. Mkubwa bado anadaiwa 1,200 yote.

Nikasubiri, maana najua siku nyingine mambo yanachelewa. Na hapa kuna kitu ambacho nilikuja kukijua baadaye na ningependa kila mzazi akijue: benki na shule zinaunganishwa kwa namna mbili. Kuna ile ya moja kwa moja, mifumo inaongea yenyewe, ukilipa saa nane usiku dakika chache baadae salio la shule limeshabadilika. Na kuna ile ya faili, benki inakusanya malipo yote ya siku kwenye faili moja, inamtumia mhasibu wa shule, mhasibu anaipandisha kwenye mfumo asubuhi akifika kazini. Kujua ya kwenu ni ipi wala huhitaji kumuuliza mtu, angalia tu malipo yako ya nyuma. Kama huwa yanaonekana usiku au jumapili, ni ya moja kwa moja. Kama huwa yanaonekana asubuhi za siku za kazi tu, kuna mtu katikati anashika faili. Ya kwetu ilikuwa ya faili. Na lile jina la mtoto linalotokea kwenye apu lisikudanganye kwamba benki inaangalia ndani ya mfumo wa shule muda ule, mara nyingi ni orodha ya wanafunzi ambayo shule iliwapa benki mwanzoni mwa muhula, benki inasoma hapo. Kwa hiyo jina kutokea sahihi maana yake benki imemtambua mtoto. Shule kumtambua ni habari nyingine.

Basi siku zikaenda, matokeo yakatoka, mdogo tukayaona, mkubwa kitufe kijivu. Mtoto mwenyewe ndio anaumia hapo, wenzake wanaulizana umepata ngapi yeye hana la kujibu. Baba watoto akasema, "Mama, si tulipe tu nyingine mtoto aone matokeo yake, hiyo ya kwanza tutaidai polepole." Nikamwambia hapana. Kwanza kama ya kwanza imepotelea mahali kwa sababu fulani na hiyo sababu hatuijui, ya pili itapita njia ile ile na kupotelea pale pale, sasa tutakuwa tunadai mbili. Pili zote zikija kuonekana, ile ya ziada harudishiwi mtu kirahisi, shule nyingi zinaiacha ikae kama salio la mbele la muhula ujao, ukitaka irudi mkononi uandike barua, isainiwe, isubiri. Hela ya kukaa hivyo hatuna.

Wakati huo huo kwenye grupu kuna mtu akatupia linki eti inafungua matokeo yaliyozuiwa. Ukiifungua inataka namba ya akaunti ya benki na namba yako ya siri. Jamani. Matokeo ya mtoto hayahitaji namba ya siri ya benki hata siku moja, nilimwambia admini aifute na akaifuta.

Nikaanza kufuatilia kwa mpangilio. Swali nililojiuliza lilikuwa moja tu, hela hii imefika kituo gani. Maana vituo ni vitatu: akaunti yangu, akaunti ya shule kule benki, na leja ya mtoto ndani ya mfumo wa shule. Ukimpigia mhasibu kabla hujajua vituo viwili vya kwanza vikoje atakwambia "mama hapa haionekani", na kweli haionekani, hajakudanganya, na mazungumzo yameishia hapo.

Kituo cha kwanza nikadaunlodi stetimenti ya akaunti yangu. Sio meseji, stetimenti. Meseji inakwambia ombi limepokelewa na hela imekatwa muda ule, ila kuna wakati muamala unakwama mbele ya safari benki inaurudisha, na ule urudishaji unakuja kama mstari mwingine kabisa siku nyingine, mara nyingi wenye namba ya muamala ile ile lakini kiasi kiko upande wa kuingia. Mzazi anayeangalia meseji tu anaweza kupiga kelele shuleni mwezi mzima kumbe hela ilishamrudia, imechanganyika na mshahara. Nikasoma stetimenti mpaka mwisho, hakuna iliyorudi. Zote mbili zimetoka.

Kituo cha pili nikapiga huduma kwa wateja wa benki. Hapa namna ya kuuliza ina maana sana. Ukiuliza "je ada yangu imelipwa" atakujibu ndiyo mama, imekamilika, kwa sababu kwenye skrini yake kweli imekamilika. Mimi nilimuuliza mambo mawili, hii hela imeingia akaunti ya shule tarehe gani, na mmeipeleka ikiwa na namba gani ya mwanafunzi. Yule dada akasoma, imeingia tarehe ile ile, namba ya mwanafunzi 09874. Nikamwomba anisomee na namba ya muamala tarakimu moja moja nikaandika. Ilikuwa ndefu, tarakimu 16. Hivyo benki wameshatoka kwenye kesi, hela iko kwenye akaunti ya shule na imebeba namba sahihi.

Sasa ndio nikaenda kwa mhasibu, nikaenda mwenyewe na stetimenti nimeichapa. Ni kijana mstaarabu sana, wala hakunikwepa. Akaingiza 09874 kwenye malipo, hakuna. Nikamwambia tafuta kwa namba ya muamala, akaandika zile tarakimu 16 zote, hakuna. Tukajaribu kwa kiasi, 1,200, yakamwagika malipo mengi maana darasa zima wanalipa kiasi hicho hicho. Kijana akaanza kuniangalia kwa huruma, unajua ile ya kwamba huyu mama ametapeliwa mahali.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, malipo ambayo mfumo haujui ni ya nani huwa yanakwenda wapi?" Akafikiria kidogo akasema yapo, kuna ukurasa wa malipo yasiyotambulika, ila huwa haufungui sana kwa sababu wanaokosea namba ni wachache. Akaufungua. Ulikuwa umejaa! Akatafuta kwa jina la mlipaji, jina langu mimi sio la mtoto, na ikatoka: 1,200, tarehe ile ile, jina langu, namba ya mwanafunzi 9874.

9874, bila sifuri mbele.

Tukaangalia waliobaki kwenye ule ukurasa, karibu wote wana namba za tarakimu nne. Na mwanafunzi wa tarakimu nne pale shuleni hayupo, wote wana tano. Hapo hata mhasibu mwenyewe akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hii ni Ekseli."

Ikawa hivi. Faili la benki linakuja likiwa na mistari kadhaa juu ya jina la shule na tarehe, ambayo mfumo wa shule hauitaki. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa analibonyeza mara mbili linafunguka kwenye Ekseli, anafuta ile mistari ya juu, anahifadhi, anapandisha. Ekseli ikifungua faili la namna hiyo ikaona 09874 inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, inaitupa. Ya kwake haikulalamika wala haikutoa onyo. Akihifadhi, sifuri imeenda moja kwa moja. Mfumo wa shule unapokea 9874, unatafuta mwanafunzi wa namba hiyo, haumpati, unaitupa hela kule kwa yasiyotambulika. Mwanangu mdogo yeye ni 10236, inaanza na moja, haina cha kutupwa, ndio maana ilipita vizuri. Waliokumbwa ni wale walioandikishwa kabla shule haijafikisha mwanafunzi wa elfu kumi, yaani watoto wa madarasa ya juu wote. Muhula wa nyuma haikutokea kwa sababu tulikuwa tunapeleka karatasi za benki anaingiza kwa mkono.

Na ile namba ya muamala nayo ikapata maelezo yake hapo hapo. Ekseli inashika tarakimu 15 tu za namba, ikizidi hapo zinazobaki inazigeuza kuwa sifuri. Ya kwangu ilikuwa na 16, kwa hiyo kwenye faili haikuwa tena namba ile ile, ndio maana tulivyotafuta kwa namba kamili hatukupata kitu. Fikiria, mzazi ana risiti halali, anasoma namba halali, mhasibu anaandika vizuri kabisa, na mfumo unajibu haipo. Kila mtu pale anasema kweli na bado hela haionekani. Kwa hiyo ukiambiwa haipo, mwombe atafute kwa jina la mlipaji pamoja na tarehe, hivyo viwili Ekseli haikuwa imeviharibu, ingawa tarehe nazo ina vituko vyake wakati mwingine inageuza siku kuwa mwezi.

Dawa yake sio kubwa. Njia moja ni kutolifungua faili kwa kubonyeza mara mbili, badala yake unafungua Ekseli tupu, unaingia sehemu ya kuleta data kutoka kwenye faili, inakuonyesha safu, unaiambia safu ya namba ya mwanafunzi na ya muamala ni maandishi sio hesabu, hapo sifuri zinabaki. Njia nyingine ni kufuta ile mistari ya juu kwenye programu ya maandishi ya kawaida, isiyojua hesabu. Yeye akachagua ya pili, anasema ni rahisi zaidi kwake. Sikutegemea kwenda kulipa ada nikarudi najua haya.

Akaihamisha ile 1,200 kutoka kwenye yasiyotambulika akaiweka kwa mtoto. Nikafungua simu hapo hapo ofisini kwake. Salio: 60. Kitufe bado kijivu.

Nikasema haiwezekani. Kuingia kwenye leja ya mtoto mstari kwa mstari, na hii leja wazazi wengi hatuifungui tunaangalia ile tarakimu kubwa ya juu tu, kumbe majibu yote yako humo. Kulikuwa na mstari wa ada 1,200 upande wa anadaiwa, kisha mstari wa faini ya kuchelewa 60 upande huo huo, kisha malipo 1,200 upande wa amelipa yakiwa na tarehe ya leo. Shule ina sheria ya asilimia tano ukipitisha tarehe ya mwisho, asilimia tano ya 1,200 ndio hiyo 60. Mimi nililipa kabla ya tarehe ya mwisho, lakini kwa kuwa hela haikuwa imeonekana, siku ile ilipofika mfumo ukamhesabia mtoto kama hajalipa ukapiga faini. Na sasa hata baada ya kuhamisha, malipo yamechukua tarehe ya kuhamishwa, sio tarehe hela ilipoingia benki.

Hapa mtu unaweza kusema ah, 60 tu, nalipa yaishe. Mimi niligoma, kwa sababu ukilipa umekubali kwamba ulichelewa, na mwakani mtoto akihitaji nafuu ya ada au barua ya kusema mzazi analipa kwa wakati, leja ndio itasomwa. Nikamwomba arekebishe tarehe ya malipo iwe ile ya stetimenti, na faini ifutwe. Tarehe akaibadilisha mwenyewe. Faini akasema hawezi, mfumo haumruhusu mhasibu kufuta deni peke yake mpaka mwalimu mkuu aidhinishe kwa akaunti yake. Nilikasirika pale, nimekaa asubuhi nzima, ila nikitulia naona ni sawa, maana kama mtu mmoja angeweza kupokea hela na kufuta madeni bila mwingine kuona, hiyo ofisi ingekuwa na matatizo makubwa kuliko langu. Mwalimu mkuu aliidhinisha alipotoka kikaoni. Kwenye leja faini haikufutika, ila pameongezwa mstari wa pili wa 60 upande wa amelipa wenye maelezo "marekebisho", na hivyo ndivyo inavyotakiwa, vitu visifutwe kimya kimya. Salio likasoma 0. Nikabonyeza matokeo yakafunguka.

Kidogo kuhusu salio, kuna wazazi wanaona alama ya kutoa mbele, mfano -150, wanashtuka wanadhani ni deni. Kwenye mifumo mingi ya shule ni kinyume, unawadai wao, umelipa zaidi. Lakini sio yote, kwa hiyo hakikisha na leja, linganisha jumla ya upande wa anadaiwa na wa amelipa utajua.

Haya, matokeo. Usiku tumekaa wote mezani, baba watoto ndio kashika simu. Wastani: 53.25. Nafasi ya 31 kati ya 40. Kimya. Mtoto akasema, "Baba hii sio yangu," na baba yake akawa ameshaanza ile sauti. Nikamwambia ngoja, shusha chini tuone somo moja moja.

Masomo ni nane. Yenye alama yalikuwa sita, na mawili, historia na jiografia, yana mstari mfupi mahali pa alama. Nikachukua kalkuleta nikajumlisha yale sita nikapata 426. Ukigawa kwa sita ni 71. Ukigawa kwa nane ni 53.25. Hapo ikaeleweka. Mfumo umegawa kwa masomo yote nane wakati mawili walimu hawajaingiza, yaani umeyahesabu kama sifuri. Na nafasi nayo imetokana na wastani huo huo, halafu kuna wanafunzi ambao historia yao ilikuwa imeshaingizwa, wa mkondo mwingine wenye mwalimu mwingine, kwa hiyo ni kama watu wamekimbia mbio moja wengine wameanzia nyuma.

Ukiona wastani umeshuka ghafla bila sababu, kabla ya kumgeukia mtoto fanya hesabu hiyo mwenyewe, jumla ya alama zinazoonekana gawa kwa masomo yenye alama, kisha gawa kwa masomo yote, uone ni ipi inalingana na iliyoandikwa. Na uangalie vizuri kilichoandikwa kwenye somo, kwa sababu mstari mfupi au nafasi tupu ni kwamba alama haijaingizwa, 0 ni kwamba imeingizwa na ni sifuri, na kuna alama ya mtu ambaye hakufanya mtihani, kila shule ina herufi yake, maelezo yake huwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Vitu vitatu tofauti na kila kimoja unamuuliza mtu tofauti. Alama ambayo haijaingizwa unamuuliza mwalimu wa darasa, na sio mhasibu, yeye ameshamaliza kazi yake.

Mwalimu wa darasa nilimwandikia asubuhi, akajibu kwa utulivu kabisa, "Mama, matokeo bado ni ya muda, historia na jiografia zinaingizwa wiki hii, mtayaona yakibadilika." Na kweli juu ya ukurasa kulikuwa na neno la muda, dogo, la kijivu, hakuna aliyeliona. Zilipoingia ilikuwa 66 na 70, jumla ikawa 562, gawa kwa nane 70.25. Nafasi nayo ikapanda sana.

Ila PDF ya kwanza ilikuwa imeshasambaa. Baba watoto aliidaunlodi usiku ule ule akamtumia shangazi wa mtoto, ambaye huwa anachangia ada na anapenda kuona matunda ya hela yake, shangazi akapiga simu akiwa amejiandaa kusema. PDF ikishatoka haijirekebishi, mfumo ukibadilika yenyewe inabaki na yale ya zamani. Chini yake huwa kuna tarehe na saa ilipotolewa. Tukamtumia nyingine tukamwambia angalia tarehe ya chini, hii ndio ya sasa. Alielewa lakini alichukua muda.

Mhasibu alitangaza kwenye grupu kwamba wazazi wa madarasa ya juu ambao ada haionekani wasilipe tena, wamtumie jina la mlipaji, tarehe na kiasi, akawahamishia malipo yao wote, na wale waliopigwa faini wakafanyiwa marekebisho kama ya kwangu. Wachache walikuwa wameshalipa mara mbili, hao hela yao imewekwa muhula ujao, mmoja bado anafuatilia irudishwe.

Shule ikaamua kubadilisha namba zenyewe, ikaweka herufi mbele ya kila moja, kwa hiyo mwanangu sasa ni S09874. Ikiwa na herufi Ekseli haiwezi kudhani ni hesabu, inaiacha kama ilivyo hata ukibonyeza mara mbili. Orodha mpya imeshapelekwa benki. Kilichobaki ni upande wetu, kama uliihifadhi namba ya mtoto kwenye apu kwa ajili ya malipo ya haraka, ile ya zamani bado iko pale na ukiichagua apu inakataa, inasema mwanafunzi hayupo, na wazazi wameshaanza kuuliza kwenye grupu kama shule imewafukuza watoto. Hapana, ifute hiyo uliyohifadhi, andika upya na S mbele, jina likitokea hakiki, lipa.